Faida Juu, Gharama Chini

Mama yangu alikuwa na mtamba mmoja wa gredi, ng'ombe wa maziwa ambaye hajazaa bado, mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, na mimi nilikuwa na akiba ya shilingi elfu sabini. Mashine ya kukamua miwa, kibanda na friji vilihitaji laki moja na nusu. Mtu akijumlisha anaona wazi kilichopungua, na anaona pia ni nani angeuzwa.

Sikumwomba. Nilimweleza tu, siku moja nikiwa nyumbani Mwanda, huko milimani, kwamba kozi yetu ya usimamizi wa miradi imetutaka kila mmoja alete mradi halisi, si wa kubuni, na kwamba mimi nimechagua juisi ya miwa, kwa sababu Voi kuna joto na Mwanda kuna miwa. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Akasema, bila kuinua uso, kwamba kuna mnunuzi wa Mwatate amekuwa akimsumbua juu ya yule mtamba, anatoa elfu themanini. Kisha akasema maneno yaliyoninyima raha kwa wiki kadhaa: "Sitauza kwa mdomo wako. Nitauza kwa hesabu ya shule. Ikisema ndiyo, ndiyo. Ikisema la, mtamba atazaa na mimi nitakunywa maziwa uzeeni."

Hapo ndipo nilipoanza kuiogopa hesabu. Zamani nilikuwa nikiiogopa kwa sababu ya mtihani. Sasa ilikuwa na kwato na mkia.

Kozi yenyewe ilikuwa ya Jumamosi, Voi, katika chumba cha juu kilichokuwa juu ya duka la mabati. Siku mabati yalipopakiwa, mwalimu alikuwa akinyamaza na kunywa maji, nasi tukisubiri kelele ipite. Tulikuwa watu kumi na mmoja, wote tukiwa na kazi zetu za wiki. Mimi ni karani wa shule ya upili. Jirani yangu wa dawati alikuwa karani pia, lakini wa shamba la mkonge, mtu mzima mwenye mwandiko mzuri ajabu. Herufi zake zilisimama wima kama ameziamrisha. Mwalimu alikuwa kijana wa watu waliokuja na reli kutoka magharibi na wakakaa, hivyo Kiswahili chake kilikuwa cha Voi lakini kicheko chake, yeye mwenyewe alidai, kilikuwa cha Kakamega.

Somo la kwanza la fedha lilikuwa lile ambalo sisi wote tuliliita breki-iveni, na karani wa mkonge akalifupisha likawa "breki." Ni jambo rahisi likishaeleweka. Kuna gharama unazolipa hata usipouza kitu, kama kodi na mshahara. Kuna gharama zinazokuja na kila glasi. Ukitoa ile ya glasi kwenye bei ya glasi, kinachobaki kinakwenda kulipa zile za kudumu. Swali ni glasi ngapi zitazimaliza. Chini ya hapo unakula hasara, juu ya hapo unaanza kupata.

Nilirudi na jibu wiki iliyofuata nikiwa nimevaa viatu vya kanisani. Bei, shilingi hamsini. Gharama ya kila glasi: ndimu na tangawizi shilingi tatu, glasi ya karatasi tano, barafu mbili. Jumla kumi. Kinachobaki, arobaini. Gharama za mwezi: kodi elfu nne na mia tano, umeme elfu mbili, leseni na kibali cha afya ukivigawanya kwa miezi, elfu moja na mia tano. Jumla elfu nane. Elfu nane gawanya kwa arobaini, glasi mia mbili kwa mwezi. Siku za kazi ishirini na sita. Glasi nane kwa siku!

"Glasi nane," mwalimu akasema. Akaitazama karatasi yangu kwa muda. "Madam, hii ni juisi ya nini?"

"Ya miwa, mwalimu."

"Na miwa yenyewe iko wapi?"

"Iko Mwanda."

Darasa likaanza kukohoa. Nilieleza, kwa sauti ya mtu anayeona anaonewa, kwamba miwa ni ya mama, ni ya nyumbani, hainunuliwi. Na atakayeuza kibandani ni binti wa shangazi yangu, mama wa watoto wawili, yeye naye ni wa nyumbani, tutaelewana.

"Yaani miwa ni ya nyumbani, mfanyakazi ni wa nyumbani," mwalimu akasema. "Mashine nayo umeolewa nayo?"

Walicheka mpaka mwenye duka la mabati akatazama juu. Nilikasirika. Mimi hukasirika haraka na masikio yangu hupata moto, na siku hiyo niliapa kimoyomoyo kuacha kozi na kudai karo yangu. Lakini mwalimu akauliza jambo moja ambalo sikuweza kulijibu kwa hasira. Akauliza kama mama angeipeleka miwa hiyohiyo sokoni angelipwa au hangelipwa. Nikasema angelipwa. "Basi kila muwa unaochukua, amepoteza hiyo pesa. Ameilipa yeye badala yako. Mradi wako hauna glasi nane. Una mama anayekufadhili bila kujua."

Hilo liliniingia. Sisi watu wa milimani tuna ugonjwa huo wa "ya nyumbani." Mtu anaomba mkungu wa ndizi, anapewa. Anaomba miwa ya harusi, anakata mwenyewe. Mama amelima miwa tangu sijazaliwa na sikumbuki siku hata moja akilipwa pesa taslimu kwa muwa. Alishukuriwa tu, na watu wakaenda zao.

Nikaandika upya. Muwa mmoja mrefu, ukifika Voi, ni shilingi arobaini na tano: thelathini na tano za mwenye shamba na kumi za pikapu. Unatoa glasi tatu. Kwa hiyo miwa ni shilingi kumi na tano kwa glasi, na gharama ya glasi ikapanda kutoka kumi hadi ishirini na tano. Binti wa shangazi nikampa mshahara wa elfu kumi na mbili, na gharama za mwezi zikawa elfu ishirini. Elfu ishirini gawanya kwa ishirini na tano: glasi mia nane kwa mwezi, thelathini na moja kwa siku. Si nane tena, lakini zilikuwa glasi za kweli.

Karani wa mkonge akaiangalia na kutikisa kichwa. "Na nyongeza?" akauliza.

Sasa hapa mtu asiyezoea kuuza vinywaji anaweza kusema huo ni uchoyo. Lakini mnywaji wa miwa hanywi tu akaenda. Anakunywa, anaifikisha glasi nusu, anairudisha kaunta na kutabasamu. "Niongezee kidogo." Hakuna anayekataa. Ukikataa leo, kesho ananunua soda ng'ambo ya barabara na anakusema. Tukakadiria darasa zima, kwa mabishano makali, kwamba nyongeza ni robo glasi. Glasi ya karatasi haiongezeki, lakini miwa, ndimu, tangawizi na barafu vinaongezeka. Hivyo vyote ni shilingi ishirini. Robo yake ni tano. Gharama ya glasi ikafika thelathini, kinachobaki kikawa ishirini, na breki ikasogea hadi glasi elfu moja kwa mwezi, thelathini na tisa kwa siku.

Yaani tabasamu la mteja lilikuwa limekula glasi mia mbili. Nilimshukuru karani wa mkonge kwa moyo wangu wote, na hiyo ndiyo sababu niliamini daftari lake baadaye bila kuuliza swali.

Ili nijue kama thelathini na tisa inawezekana, nilikaa Jumamosi tatu baada ya darasa kando ya mama anayeuza madafu karibu na steji ya matatu, nikiwahesabu wateja wake kwa kuchora vijiti kwenye kiganja. Alidhani natoka kaunti. Siku ya tatu nilipomweleza ukweli alinipiga kwa upande wa kanga na kunipa dafu bure. Nikaona, kwa kujikaza na kutojidanganya, kwamba naweza kuuza glasi sitini kwa siku. Sitini ni zaidi ya thelathini na tisa. Nilimpigia mama simu na kumwambia mambo yanakuja vizuri, lakini bado kipimo kimoja.

Hicho kipimo kimoja ndicho kilichonitoa jasho. Jumamosi walipokifundisha, mimi nilikuwa shuleni tukipokea wanafunzi wa kidato cha kwanza, masanduku na magodoro mpaka mlangoni. Nikamwomba karani wa mkonge anipigie picha daftari lake. Akaituma jioni hiyo. Kumbe aliombwa na wengine pia, maana mabati yalipakiwa siku hiyo na nusu ya darasa haikusikia vizuri. Picha ikazunguka. Mwandiko ukiwa mzuri namna ile, nani atauliza?

Daftari lilisema: shilingi ya mwaka kesho si sawa na ya leo, kwa hiyo irudishe kwa thamani ya leo. Tulipewa asilimia kumi na mbili kwa mwaka. Shilingi mia moja utakayoipata baada ya mwaka, leo ni kama themanini na tisa. Hilo nililielewa. Kisha, chini yake, ndani ya kisanduku alichokichora kwa rula: Faida gawanya kwa Gharama. Ikizidi moja, endelea. Ikipungua moja, acha.

Mimi nilijua faida ni nini. Nani hajui? Faida ni kinachobaki ukishatoa gharama. Ijumaa jioni nikakaa na kikokotoo. Glasi sitini kwa siku ni elfu moja mia tano na sitini kwa mwezi. Kila moja inabakiza ishirini: elfu thelathini na moja na mia mbili. Toa gharama za kudumu, elfu ishirini. Faida ya mwezi, elfu kumi na moja na mia mbili. Faida ya miaka mitatu, muda tuliowekewa wa kupima mradi, ikirudishwa kwa thamani ya leo, laki tatu na elfu ishirini na mbili na kitu. Hiyo nikaiweka juu. Chini nikaweka gharama zote za miaka hiyo mitatu, kwa thamani ya leo, pamoja na ile laki na nusu ya mashine: milioni mbili na elfu sabini na tano. Nikagawanya.

Sufuri nukta moja sita.

Nikarudia. Nikabadilisha kikokotoo nikatumia simu. Sufuri nukta moja sita. Haikukaribia hata nusu. Nilihisi kama mtu aliyepika siku nzima halafu akaambiwa wageni hawaji. Nilimlaumu mwalimu, nikamlaumu binti wa shangazi na mshahara wake, nikawalaumu watu wote wa Voi na nyongeza zao. Halafu nikampigia mama, kwa sababu mnunuzi wa Mwatate angefika asubuhi ya kesho yake.

Mama huongea nami Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, na kwa Kidawida hakuna njia ya kuficha kilio. Nikamwambia hesabu imesema la. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kipimo kinatakiwa kizidi moja na changu ni sufuri nukta.

"Kwani mwezi unabakiza ngapi?"

"Elfu kumi na moja na mia mbili, mama."

"Ukishamlipa kila mtu?"

"Nikishamlipa kila mtu. Hata wewe na miwa yako."

Nikasikia kuku wakiingia bandani. "Haya," akasema. "Lala." Na akakata simu.

Nililala vibaya na Jumamosi nikaenda darasani kwa viatu vya kawaida. Mwalimu akasema leo kila mtu aandike kipimo chake ubaoni, jina la mradi na namba. Mtu wa kuku wa Mraru akaandika sufuri nukta moja tisa. Mtu wa kinyozi, sufuri nukta mbili mbili. Mwenye cherehani, sufuri nukta moja nne. Mimi nikaenda kama anayekwenda kupimwa damu, nikaandika yangu. Karani wa mkonge alikuwa na mradi wa mizinga ya nyuki. Sufuri nukta tatu, na uso wake ulikuwa wa msibani. Tulikuwa saba. Wengine wanne walikuwa na moja na kitu, na walikaa upande wa pili wakijitahidi wasionekane wanafurahi.

Mwalimu akasimama mbele ya ubao, mikono kiunoni. "Leo mmeniletea makaburi," akasema. "Kinyozi wa Voi anapata hasara? Wapi? Nywele zimeacha kuota?"

Akachukua karatasi yangu kwa kuwa nilikuwa karibu. Akaisoma pole pole, akigusa kila mstari na kalamu. Alipofika juu ya mgawanyo, kalamu ikasimama. Akaniuliza hii laki tatu ni nini. Nikasema ni faida. Akauliza faida gani. Nikasema, kwa ukali kidogo, faida ni faida, mwalimu, mauzo ukitoa gharama.

"Na hapa chini umeweka nini?"

"Gharama."

"Gharama zipi?"

"Si hizo hizo." Na niliposema hivyo, nikajisikia. Nikajisikia kabisa nikisema "hizo hizo."

Alianza kucheka, kile kicheko cha Kakamega, akakaa kwenye dawati la mbele. Akauliza nani ameandika neno hilo, faida. Wote saba tukamtazama karani wa mkonge. Maskini, akafungua daftari lake na kulishika mbele yake kama ngao. "Si wewe ulisema benefiti?" akamwuliza mwalimu. "Benefiti kwa Kiswahili ni nini? Si faida?"

Na alikuwa sahihi. Ndilo jambo linalonichekesha mpaka leo. Neno letu hilo moja linabeba mizigo miwili. Mtu akisema maziwa yana faida mwilini, hajatoa gharama yoyote. Anasema tu mema yote yanayokuja na maziwa. Mtu huyohuyo akisema nimeuza maziwa nikapata faida, ametoa majani, dawa na nauli. Kwenye kipimo kile, cha juu ni mema yote yanayoingia, mauzo yote, kabla hujatoa hata senti. Gharama zina mahali pake, ziko chini. Sisi tulizitoa juu halafu tukaziweka tena chini. Tulilipa kodi mara mbili na mishahara mara mbili, na nyongeza mara mbili.

"Ukitaka kuweka kinachobaki juu," mwalimu akasema, "basi chini weka mtaji peke yake, ile pesa ya kununulia mashine. Hiyo ni njia nyingine, ina jibu lake. Lakini usilipe mtu yuleyule juu na chini. Chagua." Akaandika neno faida ubaoni, akalikata, na chini yake akaandika "manufaa." Karani wa mkonge naye akalikata faida kwenye daftari kwa rula na wino mwekundu, akaomba radhi kwa sauti ndogo, na mtu wa kuku akamwambia amekaa siku mbili bila kula ugali kwa sababu yake.

Nikafanya upya palepale. Mauzo ya mwaka, laki tisa na elfu thelathini na sita. Ya miaka mitatu kwa thamani ya leo, milioni mbili, laki mbili na elfu arobaini na nane. Gawanya kwa ile milioni mbili na elfu sabini na tano.

Moja nukta sufuri nane.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Wenzangu wanasema niliita jina la Mungu na la mtamba. Mwalimu akanituliza. Akasema moja nukta sufuri nane si ya kuchezea ngoma: kila shilingi unayotoa inarudi na senti nane juu, kwa thamani ya leo, na hiyo ni kwa glasi sitini. Akanitaka nitafute ni glasi ngapi zinaifanya iwe moja kamili. Nikaitafuta. Arobaini na tisa kwa siku. "Basi kumbuka namba mbili," akasema. "Ukiuza thelathini na tisa, unalipa mwezi. Ukiuza arobaini na tisa, unairudisha pia mashine. Ukiwa katikati usijidanganye, unakula mashine yako polepole."

Nilitoka hadi kwenye ngazi na simu. Ilikuwa karibu saa sita, mnunuzi alitakiwa kuja asubuhi, na mimi ndiye niliyemwambia mama hesabu imesema la.

"Mama, yule mtu alikuja?"

"Yupo hapa. Anakunywa chai ya tatu."

"Hujamfukuza?"

"Nimemwambia mwenye ng'ombe yuko darasani Voi, hajatoka." Nikasikia akimwongezea mtu sukari. "Jana uliniambia inabakiza elfu kumi na moja kila mwezi, kila mtu ameshalipwa, halafu ukaniambia mradi ni mbaya. Nikajiuliza, huyu mtoto wanamfundisha nini huko? Mwaka mmoja na kidogo mashine imejilipa. Nikasema nimpe chai mgeni, labda hesabu haijaiva."

Nilikaa kwenye ngazi ya duka la mabati nikacheka huku machozi yakinitoka, na mpakiaji mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimefaulu.

Mtamba akaenda Mwatate. Wiki tatu baadaye mashine ikasimama kwenye kibanda kilichopakwa kijani, si mbali na mama wa madafu, ambaye siku ya kwanza alikuja kukagua, akanywa, akairudisha glasi nusu na kutabasamu. Mwezi wa kwanza tuliuza wastani wa glasi hamsini na mbili kwa siku. Nilizichora ukutani. Binti wa shangazi alikuwa akinitumia idadi kila jioni kabla hajafunga, na siku tulipouza arobaini na tano alinitumia uso unaolia.

Lakini ninachotaka kukieleza hasa ni siku ya kwanza miwa ilipofika. Tulikuwa tumekubaliana na mama alete mara mbili kwa wiki, miwa sabini na tano kila safari. Siku hiyo alishuka na pikapu mwenyewe, kakaa mbele na dereva, kavaa kofia ya sufu ya Mwanda katika joto la Voi. Nilimlipa dereva zake za pikapu. Kisha nikahesabu elfu mbili, mia sita na ishirini na tano, nikampa mama.

Akarudisha mikono nyuma. "Mtu halipwi kwa vya nyumbani."

"Mama, chukua. Iko kwenye hesabu."

"Hesabu gani inayomlipa mzazi?"

Nikatoa karatasi ya mradi, ile yenye alama ya mwalimu, nikamwonyesha mstari. Miwa. Shilingi kumi na tano kwa glasi, na kati ya hizo kumi na moja na kitu ni zako. Akausoma kwa kidole, kwani anasoma taratibu lakini anasoma. "Kwa hiyo hapa mimi niko chini," akasema. "Niko kwenye gharama."

"Kwangu uko chini. Kwako wewe uko juu. Hiyo ndiyo faida yako."

"Ipi? Ya mwilini au ya sokoni?" Nilikuwa nimemsimulia kisa chote cha lile neno, na hakusahau.

"Zote mbili, mama."

Akaichukua. Akaihesabu mara mbili, noti kwa noti, akilamba kidole, mbele ya wateja wawili waliokuwa wakingoja. Ndipo nilipoona kwamba hakujua afanye uso gani. Miaka sitini na zaidi, na muwa wake ulikuwa haujawahi kumletea noti mkononi. Akaikunja, akaiweka kifuani chini ya blauzi, akajiweka sawa kofia, na akaonekana mrefu.

Nilianza kupanga miwa ndani ya kibanda huku nikiihesabu, mazoea ya karani. Sabini na tano. Sabini na sita, sabini na saba, sabini na nane. Nikamwita dereva, nikidhani amechanganya na mzigo wa mtu mwingine.

"Acha," mama akasema. "Hiyo mitatu ni nyongeza."

Niliitafuta nafasi yake kwenye karatasi, juu na chini, sikuiona. Nikakamua mmoja palepale, nikatia ndimu na barafu, na mama akanywa glasi nzima amesimama juani, kisha akairudisha kaunta akitabasamu.